Waya wa Muda Juu ya Mlango wa Upasuaji

Baba mkwe wangu hakuwahi kuniona nikiwa juu ya ngazi. Nikiweka tu mguu kwenye kipandio cha kwanza, yeye alikuwa ameshageuka, mikono nyuma, anatoka kwenye korido kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha zizi wazi. "Panda tu mama, mimi nipo hapo nje," alikuwa akisema bila kunitazama. Kwao mke wa mtoto hasimami juu ya kichwa cha baba wa mumewe. Hakalii kiti chake, hampiti karibu mpaka nguo zigusane, na hasimami juu yake. Mimi kazi yangu ni kusimama juu ya ngazi na kuangaza tochi ndani ya dari za watu.

Nakagua mitambo ya hewa kwenye majengo. Ofisi yetu iko Musoma, ofisi ndogo ya washauri yenye meza chache na feni moja inayolia, jambo ambalo wateja hawaachi kututania nalo. Mwenye jengo anatuajiri tuangalie kama kilichochorwa ndicho kinachojengwa. Baba mkwe alikuwa fundi wa bati. Alianza na mifereji ya mvua na matanki, akapanda hadi dakti, yale mabomba mapana ya bati yanayopitisha hewa baridi juu ya dari. Alikuwa na vijana wake, mashine yake ya kukunjia bati, na nyumba Butiama iliyojengwa kwa kazi hiyo. Watoto wake wote wamesomeshwa na bati, akiwemo mume wangu. Nikisema kwamba nami nilikula bati hilo siku ya mahari sitakuwa nimekosea.

Tulikutana saiti bila kupanga. Hospitali moja ya binafsi ilikuwa inajengwa Bunda, jengo la chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi, na mkandarasi mkuu, watu waliotoka mbali, wakamchukua baba mkwe kama mkandarasi mdogo wa dakti. Nilipojua nilimwambia bosi wangu siku hiyo hiyo kwamba yule ni mkwe wangu. Bosi akakuna kidevu. "Mtu mwingine wa mitambo mpaka nimtoe Mwanza," alisema. "Nitamwandikia mteja ajue. Wewe kagua, na picha zako zote nitazipitia mwenyewe." Mteja akakubali. Mimi nilikuwa nimeomba kimoyomoyo akatae.

Mambo yalianza na doa. Jengo lilikuwa limeshapigwa rangi, vitanda vimefika vikiwa bado kwenye nailoni, na mashine za hewa zilikuwa zinawashwa kwa majaribio. Kwenye dari ya korido inayotenganisha chumba cha upasuaji na wodi pakatokea doa lenye rangi ya chai ya rangi, dogo kama kisahani. Kesho yake likawa sinia. Msimamizi wa mkandarasi akasema paa linavuja, akapandisha watu juu ya paa kwenye jua la Bunda, wakashuka wakisema paa ni kavu kama ukoko. Nikaomba kipande cha dari kikatwe.

"Panda tu mama," baba mkwe alisema, akatoka.

Ndani nilikuta sufi ya kioo, ile inayovishwa dakti ili ubaridi usitoke. Kwa nje ina ngozi ya foili, na viungo vya ngozi hiyo lazima vifungwe kwa tepu yake ili hewa ya nje isipenye hata kidogo. Hapa walifunga kwa tepu ya kahawia, ya kufungia maboksi. Ilikuwa imeachia yote, inaning'inia. Kwenye vishikio vya chuma sufi ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba kama kitenge. Upepo wa upande wa Guta unaleta unyevu wa ziwa, unyevu unapenya, unakuta bati la baridi, unageuka maji. Niliminya sufi kwa vidole, ikachuruzika kama dodoki. Hilo peke yake lilikuwa baya, maana sufi iliyolowa inaota ukungu, na chini yake mtu atapasuliwa tumbo.

Nikafuata dakti kwa tochi mpaka ilipopita kwenye ukuta. Ukuta ule haukuwa wa kawaida. Ulichorwa uzuie moto, ili upande mmoja ukiungua upande wa pili watu wapate nafasi ya kutolewa. Lakini dakti inautoboa ukuta, na tundu ni tundu, moto hauombi ruhusa. Kwa hiyo ndani ya tundu panawekwa dampa ya moto: fremu ya chuma yenye mapanga ya bati yaliyovutwa na springi na kushikiliwa wazi na kiungo kidogo kinachoyeyuka joto likizidi. Kiungo kikiyeyuka, mapanga yanajifunga yenyewe. Hakuna umeme, hakuna mtu wa kubonyeza chochote. Inakaa pale miaka ikingoja siku moja ambayo tunaomba isifike.

Dampa ile haikuwa ndani ya ukuta. Ilikuwa imefungwa pembeni, umbali wa mkono kutoka kwenye ukuta, ikishikiliwa na dakti peke yake. Moto ukija, dakti inaanguka, dampa inaanguka nayo, tundu linabaki wazi. Nafasi kati ya dakti na ukuta ilijazwa povu la njano, lile la kuzibia fremu za madirisha, kisha likasilibwa jipsamu likapendeza. Kidirisha cha kukagulia dampa kilikuwa kimefunikwa na sufi. Nikaikata kwa kisu, nikafungua kidirisha, nikaingiza tochi.

Mapanga yalikuwa yamefungwa kwa waya. Waya wa kufungia nondo, umezungushwa na kukazwa kwa plaizi, mkia wake umekunjwa vizuri usimchome mtu. Hata moto wa jehanamu ungekuja, dampa ile isingefunga. Nikafuata dampa za kuta nyingine, nazo zilikuwa hivyo hivyo.

Nilipata hasira, halafu aibu ambayo haikuwa yangu. Mkunjo ule wa mkia wa waya niliujua. Ndivyo alivyofungia wigo wa mabanda ya kuku pale Butiama, na vijana wake wote aliwafundisha kukunja hivyo hivyo.

Niliposhuka alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mashine ya zege. Akaniuliza akitazama viatu vyake, "Linavuja paa?"

"Si paa, baba."

"Eh." Akangoja. Mimi nikakunja ngazi yangu.

Wasomaji watashangaa kwa nini sikumwambia pale pale. Kwanza, kwenye kazi yetu mkaguzi hamwelekezi mkandarasi mdogo. Tunamwandikia mkandarasi mkuu, naye ndiye anaongea na watu wake, kwa sababu mkataba ni wake. Pili, hata kama mkataba ungeniruhusu, ni mkamwana gani anamwambia baba mkwe kwamba kazi yake ni mbovu, mchana, mbele ya vijana wake? Maneno ya namna hiyo yanapitia kwa mwanawe, au kwa shangazi, yakiwa yamepakwa mafuta. Kwa hiyo jambo lile lilikuwa na njia mbili tu za kufika kwake: karatasi ya ofisi na mume wangu.

Nikaanza na mume wangu. Alinisikiliza akiwa ameshika kijiko, sato anapoa kwenye sahani. "Yabaki hapa nyumbani kwanza," alisema. Nikamwambia ndiyo maana nipo nyumbani. Jumamosi akaenda Butiama. Alirudi jioni, akavua viatu taratibu mno, nikajua.

"Amesemaje?"

"Amesema uandike unachoona. Lakini amesema tangu ameanza kazi hii wakaguzi huwa wanaangaliaga karatasi, hawaangaliagi bati."

"Na waya?"

"Amesema hakuna waya. Uliwekwa wa muda tu, ukatolewa."

Mama mkwe alinipigia kesho yake baada ya kanisa. Hakuwahi kunipigia bila kuuliza watoto kwanza, na siku hiyo hakuuliza. "Mwanangu," alisema, "andika hayo ya maji, hayo hata mimi nayaelewa. Lakini ya moto uyaache. Moto wenyewe uko wapi? Mzee akiondolewa pale kazini, nani mwingine atamwita? Huku kwetu jina likiharibikaga halitengenezwi." Nikamjibu, "Nimesikia, mama." Sikumdanganya. Nilikuwa nimesikia, na kila neno lilikuwa kweli.

Nilikaa na ile ripoti mezani nikiwa na roho nzito kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Kuna namna ya kuandika inayoitwa kupunguza makali. Unaandika "baadhi ya dampa zinahitaji marekebisho", mkandarasi anajibu "yamefanyika", dari inafungwa, watu wanakata utepe. Ningeweza. Bosi angeuliza kuhusu picha, lakini picha hupigwa na mwenye simu. Kilichonizuia ni kitu kimoja. Nilijifungua kwa upasuaji mtoto wangu wa pili, nikachomwa sindano ya mgongo, nikalala pale nikiwa na akili timamu na miguu isiyo yangu. Nilikumbuka kuitazama miguu ile chini ya shuka na kuiambia isogee, nayo ikakataa. Mwanamke aliye katika hali ile hakimbii moshi. Anautazama tu ukitoka kwenye tundu la hewa juu yake.

Nikaandika yote. Chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta, kila picha na mahali pake kwenye mchoro. Sufi iliyolowa itolewe yote, isikaushwe, na viungo vipya vifungwe kwa tepu ya foili. Dampa ziondolewe, zirudishwe ndani ya ukuta, na povu likwanguliwe na kuzibwa kwa vifaa vya kuzuia moto. Waya zitolewe, vidirisha viachwe wazi bila kufunikwa, na kila dampa ijaribiwe kwa kuachiliwa kiungo mbele yetu. Dari isifungwe mpaka tumerudi kuona. Jina la baba mkwe halikuwa popote kwenye ripoti ile. Liliandikwa la mkandarasi mkuu, kama taratibu zinavyotaka. Hilo halikumsaidia mtu.

Meneja wa mradi wa mkandarasi mkuu akaitisha ukaguzi wa pamoja. Tulisimama kwenye ile korido: yeye, bosi wangu, baba mkwe, msimamizi wa vijana wake, na mimi na ngazi yangu. Baba mkwe alikuwa amevaa shati jeupe na viatu vilivyopigwa rangi, nguo za kwendea kikao cha ukoo. Meneja, ambaye hakuwa mtu wa huku, akasema, "Injinia, panda umwonyeshe mzee."

Nikashika ngazi. Baba mkwe akageuka aondoke.

"Mzee, unakwenda wapi?" meneja akapaza sauti. "Ripoti ni ya kazi yako, na wewe unakimbia?"

Hakukimbia. Alisimama akiwa ametupa mgongo, anatazama sakafu, shingo imemshupaa. Hakuna namna ya kumweleza mgeni kwamba unaondoka kwa heshima. Bosi wangu, ambaye ni wa Musoma na anajua, akaangalia dirishani. Nikaelewa pale kwa mara ya kwanza kwamba mzee yule hakuwahi kuona kosa lolote nililowahi kuligundua kwenye kazi yake. Kila nilipopanda, alitoka. Kila nilichokiona alikipata kwa karatasi, na karatasi hakuiamini.

"Baba apande mwenyewe," nikasema. "Mimi nitashika ngazi."

Akapanda. Viatu vile vilikuwa na soli ya ngozi, vinateleza karibu na uso wangu. Niliishika ngazi kwa nguvu zangu zote. Kichwa chake kikaingia darini, kisha bega. Tukasikia kidirisha kikifunguliwa.

"Nani alikuwa autoe?" Sauti yake ilitoka juu, ndogo.

Msimamizi wa vijana wake akajibu akitazama ukuta. "Mzee, siku ya kujaribu mashine kiungo kilikuwa kimevunjika, dampa imejifunga, chumba hakipati hewa. Ukasema tufunge waya wa muda mpaka viungo vije."

"Havikuja?"

"Vilikuja. Tukakuta dari imeshafungwa."

"Na zile nyingine?"

Yule bwana akainamisha kichwa. Baba mkwe alishuka kipandio kimoja kimoja, akiwa na maji ya sufi kwenye shati jeupe, akaomba kalamu kabla meneja hajamaliza kutafuta karatasi ya kusaini. Akaweka sahihi yake chini ya kila kasoro. Hakupunguza, hakusema la povu ni la fulani na la tepu ni la fulani. Kisha akanirudishia kalamu, akitazama pembeni, na kusema, "Asante kwa ngazi, mama."

Wakamwondoa wiki ile ile. Mafundi wengine kutoka Mwanza wakaja wakatoa kila kitu. Nilirudi kushuhudia majaribio. Fundi anaachilia kiungo, mapanga yanaanguka, pwa, ukuta unakuwa ukuta. Moja baada ya nyingine, zote zikafunga. Niliandika kwamba zimefunga. Nilidhani nitajisikia vizuri, lakini nilitaka tu kurudi nyumbani nikalale.

Mama mkwe alisema kweli kuhusu jina. Simu za kazi zilikauka. Vijana wakatawanyika, mwingine bodaboda, mwingine machimbo. Mashine ya kukunjia bati iliwekwa chini ya mwembe wa nyuma ikafunikwa turubai, na kuku wakaanza kulalia juu yake. Tukienda Butiama niliamkia, nikaitikiwa "marahaba", basi. Hakuna aliyenitukana. Walinipa kigoda, wakanipa chakula, wakaongea mambo ya mvua. Shemeji mmoja tu, akiwa amechangamka kwa pombe, ndiye aliyenitania kwamba nisije nikakagua jiko la mama nikalifunga, na hakuna aliyecheka. Nililia njia nzima ya kurudi Musoma na mume wangu akaendesha gari. Najua hakujua alie upande gani.

Halafu tumbo la mzee likaanza kuvimba. Alificha kama wanaume wa rika lake wanavyoficha. Alipokubali kwenda hospitali, daktari wa upasuaji aliyekuwa karibu alikuwa Bunda, kwenye jengo lile. Familia nzima ilijua ni jengo gani, hakuna aliyelitaja.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya korido na kanga za kubadilishia mkononi wakati wanamleta kwenye kitanda cha magurudumu. Walisimama mlangoni wakingoja ndani wawe tayari. Alikuwa amelazwa chali, na mimi nilikuwa wima karibu yake, juu ya kichwa chake. Nilirudi nyuma haraka. Lakini hakuwa na pa kugeukia, na macho yake yakapita kwangu, yakaenda darini, kwenye kidirisha kilichobaki wazi kama tulivyoagiza.

"Hii ya hapa," alisema. "Waya walitoa?"

"Walitoa, baba. Niliiona ikifunga kwa macho yangu."

Akaitikia kwa kichwa. "Mimi niliwaambia wa muda," alisema, si kwangu hasa. Mlango ukafunguliwa, wakamwingiza.

Madaktari walimfungua, wakaona, wakamfunga. Hapakuwa na la kufanya. Aliishi mpaka mahindi yalipobeba, akafa kitandani kwake Butiama.

Msibani nilikuwa jikoni na wake wa shemeji zangu, nakoroga ugali, wakati wasifu wa marehemu unasomwa kwa kipaza sauti. Wakataja shule, wakataja ndoa, wakataja kanisa alilolipigia mifereji bure. Wakataja majengo aliyoyafungia dakti, moja moja, Musoma, Tarime, mpaka Geita. La Bunda waliliruka. Nilijua nani aliandika wasifu ule, nililala naye kitanda kimoja, na nilijua aliliruka kwa ajili ya baba yake na kwa ajili yangu pia.

Mwiko ulinisimama mkononi. Nilitaka kutoka nje na unga wangu mikononi niwaambie wamekosea, wamemnyima jengo pekee ambalo alipanda mwenyewe, akaona kwa macho yake, akashuka akasaini bila kumsingizia mtu. Wanawake wanajifungua chini ya dari ile hivi sasa. Lakini mkamwana hasimami mbele ya msiba wa baba mkwe akaongea. Mmoja wa wale wanawake akanigusa kiwiko, akaniambia ugali unaungua, nikaendelea kukoroga.